Notsi za Mhadhiri, Dakika Ishirini, na Kikundi Kisicholala

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, kila zamu yangu ya kuongoza diskasheni ikifika, watu wanaangalia simu. Nasoma notsi zote za mhadhiri, naeleza mpaka sauti inakauka, mwishoni wanasema wameelewa. Mtihani ukija tunafeli wote. Nakosea wapi?"

Nilisoma ujumbe huo mara tatu, maana aliyeuandika ni mimi wa mwaka wa pili. Nilikuwa na slaidi 34 za somo la takwimu za afya, mada ya vipimo vya uchunguzi wa magonjwa. Nilikesha nikizinakili kwa kalamu za rangi, kesho yake nikasimama mbele ya wenzangu watano na kuzisoma zote kwa saa nzima. Nilipomaliza, mmoja wao akafunga daftari na kusema, "Haya yote ningeyasoma mwenyewe." Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno hilo lilinichoma, na hata leo nikilikumbuka nasikia joto usoni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Mhadhiri alikuwa ameshaeleza, nami nikaeleza tena vilevile, tena kwa ubora mdogo kuliko wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia ndugu yangu huyu ni hili: usipeleke notsi kwenye kikundi, peleka sentensi moja kutoka kwenye notsi. Dakika 20 zinatosha wazo moja tu. Kwenye zile slaidi 34 kulikuwa na maana za istilahi, kanuni nne, jedwali na mchoro. Nilipopewa mada ileile tena baada ya wiki mbili, niliviacha vyote nikachukua sentensi iliyokuwa chini kabisa ya slaidi ya 27: "Uwezekano wa mwenye majibu chanya kuwa mgonjwa kweli hutegemea kiwango cha ugonjwa katika watu wanaopimwa."

Kwa nini hiyo? Kwa sababu ni sentensi ambayo kila mtu anaitikia kwa kichwa akiisoma, kisha anashindwa kuitumia. Hicho ndicho kigezo changu. Sentensi inayotoa maana ya neno haifai, kwani mwenzako ataifungua na kuinakili. Sentensi inayofaa inasema kitu kimoja kinabadilika kwa sababu ya kingine. Ukiipata, ficha hitimisho lake, wape watu tarakimu, na waache walifikie wenyewe.

Nikaandika swali la kwanza hivi: "Watu 1,000 wanapimwa. Katika kila watu 100, mmoja anaumwa. Kipimo kinawanasa asilimia 90 ya wanaoumwa, na kinawapa majibu hasi asilimia 90 ya wasioumwa. Mtu mmoja amepata majibu chanya. Kuna uwezekano gani kwamba anaumwa kweli? Andika jibu lako peke yako, bila notsi. Dakika 2."

Dakika hizo mbili za ukimya usizifute, hata kama kikundi ni cha watu wachangamfu. Mtu akishaandika jibu lake, ana kitu cha kutetea. Asipoandika, atamsikiliza anayejiamini zaidi na kusema, "hata mimi nilikuwa nawaza hivyo." Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza miaka ya 1990 kufundisha kwa utaratibu wa namna hii: mwanafunzi anajibu peke yake, anajadiliana na jirani, kisha anajibu tena. Mimi sikubuni chochote, nimepunguza tu utaratibu huo ukatosha meza moja.

Siku hiyo wanne kati ya watano waliandika asilimia 90. Nilifurahi mno, kwa sababu hilo ndilo kosa nililokuwa nalisubiri. Nawe ukiandaa swali, jiulize kabla ya kulala: mtu mwenye akili timamu atakosea vipi hapa? Ukikosa kosa la kutarajia, swali lako ni jepesi mno au ni la kukariri.

Swali la pili lilikuwa la wawili wawili, dakika 7 (mimi nilikaa na aliyebaki bila mwenza). Niliwapa jedwali tupu lenye safu ya wanaoumwa na safu ya wasioumwa, mstari wa majibu chanya na mstari wa majibu hasi. Kazi ilikuwa kuweka idadi za watu, si asilimia. Ukigeuza asilimia kuwa watu, mambo yanaonekana kwa macho. Wanaoumwa ni 10, na kati yao 9 wanapata majibu chanya. Wasioumwa ni 990, na asilimia 10 yao, yaani watu 99, wanapata majibu chanya kimakosa. Waliopata majibu chanya kwa jumla ni 108. Wanaoumwa kweli ni 9 kati ya 108, sawa na mmoja katika 12, kama asilimia 8 tu.

Meza ililipuka. Mmoja alisema jedwali lina makosa. Mwenzake akamshika mkono na kumwonyesha wale 99: "Hawa nao wana majibu chanya, utawapeleka wapi?" Hapo nilijua kazi imefanyika, kwa sababu maelezo hayo sikuyatoa mimi.

Swali la tatu lilipewa dakika 6: "Kipimo ni kilekile, lakini sasa kinatumika kwenye kliniki ambako watu 20 katika kila 100 wanaumwa. Kabla ya kuhesabu, sema jibu litapanda au litashuka. Kisha hesabu." Wanaoumwa ni 200, wanaonaswa ni 180. Wasioumwa ni 800, wanaopata majibu chanya kimakosa ni 80. Kwa hiyo 180 kati ya 260, kama asilimia 69. Kipimo hakikubadilika hata kidogo, walibadilika watu wanaopimwa. Ile sentensi ya slaidi ya 27 imejitokeza bila mtu kuisoma.

Dakika 3 zilizofuata zilikuwa za majibu, na 2 za mwisho kila mmoja aliandika kwa maneno yake kwa nini asilimia 90 si jibu. Hesabu mwenyewe: 2, 7, 6, 3 na 2. Ni 20 kamili, na tulimaliza kwa wakati.

Sasa nieleze karatasi ya majibu, maana hapa wengi wanazembea, na mimi nilizembea vibaya sana.

Mara ya kwanza kabisa nilipoandaa karatasi ya aina hii, niliandika jibu la swali la pili kuwa 9 kwa 99. Niliwachukua wale 99 kama jumla ya wote wenye majibu chanya, nikawasahau wale 9 waliokuwa upande wa pili wa jedwali. Niliandaa usiku, nikiwa na jedwali la mhadhiri mbele yangu, na nikaamini nimeelewa kwa sababu jedwali lilikuwa limeelewa. Bahati nzuri niliigawa kwa rafiki mmoja kwanza, naye akaniuliza kwa upole, "Na wagonjwa wenyewe hawamo?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo nina kanuni mbili na sizivunji. Kwanza, nafunga notsi na kutatua maswali yangu kwenye karatasi safi kesho yake, kana kwamba nimepewa na mtu mwingine. Nikipata jibu tofauti na nililoandika jana, mmoja wetu amekosea, na mara nyingi ni yule wa jana. Pia napima muda. Swali linalonichukua mimi dakika 2, mimi niliyelitunga, wenzangu linawachukua kama 6.

Pili, chini ya kila jibu naandika vitu vitatu: hatua za kulifikia, kosa linalotarajiwa na linakotoka, na swali moja la kumsukuma aliyekwama. Kwa mfano huu, kosa ni asilimia 90, na linatoka kwenye kugeuza mwelekeo: mtu anajibu "kati ya wagonjwa, wangapi wana majibu chanya" wakati ameulizwa "kati ya wenye majibu chanya, wangapi ni wagonjwa." Swali la kusukuma ni hili: "Nani mwingine amepata majibu chanya?" Basi. Humwambii jibu, humpi darasa.

Ndugu zangu, tuache kujificha nyuma ya jibu lililo sahihi. Jibu tupu, "asilimia 8", halimsaidii aliyeandika 90. Anataka kujua alipotea kwenye kona ipi. Na majibu yasikae ukurasa mmoja na maswali. Macho hayana adabu, yatashuka tu.

Utajuaje kwamba shughuli yako imeharibika? Mimi naangalia kalamu. Wakimaliza swali la dakika 7 ndani ya 2, umewapa kazi ya kunakili. Wakiuliza zaidi ya mara moja "unataka tufanye nini hapa," maelekezo yako ni mabovu, wao hawana shida. Wote wakimwangalia mtu mmoja kabla ya kuandika, umeruka zile dakika za ukimya. Na ukijikuta unaongea kuliko wote, rudi ukae. Nilikuwa mtu huyo, najua utamu wake.

Kuna mpaka mmoja lazima niutaje. Notsi zenyewe zikiwa na utata, kwa mfano slaidi moja inasema hivi na nyingine inasema kinyume, usitunge jibu la kikundi kwa kura. Muulize mhadhiri kabla ya siku yenyewe, au chagua sentensi nyingine. Kosa likipitishwa na watu watano kwa furaha ni gumu kulifuta kuliko la mtu mmoja.

Wiki iliyofuata nilianza kikao kwa swali la dakika 3, kipimo kilekile, safari hii watu 5 wanaumwa katika kila 100. Siku hiyo tulikuwa na mgeni, wakawa sita. Watano, pamoja na yule aliyefunga daftari siku ile, walifika kwenye 45 kwa 140, kama asilimia 32. Mgeni aliandika 45 kwa 95. Nililitambua kosa hilo kabla hajamaliza kuandika. Nikamwomba asome kwa sauti hao 95 ni akina nani. Akasoma, "Wasioumwa waliopata majibu chanya," akanyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu na kuongeza 45.