Barua ya fomula za utoro: anza na nafasi iliyojificha

"Nawaandikia walimu wa idara yangu barua kuhusu fomula za mahudhurio, lakini mwanafunzi mwenye H tatu za kukosa shule haonyeshi FUATILIA."

Habari za kazi, Mwalimu. Idarani kwetu hapa Dodoma, mwanafunzi alikosa Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, lakini COUNTIF ikahesabu mbili, kwa kuwa mwalimu aliacha nafasi baada ya H ya Jumatano. Kagua kwanza `=LEN(E2)`. Ikitoa 2 badala ya 1, tatizo ni hilo. Katika barua, eleza kwamba TRIM huondoa nafasi hiyo kabla ya kuhesabu, Jumatatu ikiwa safu C:

```
=IF(SUMPRODUCT(--(TRIM(C2:G2)="H"))>=3,"FUATILIA","")
```

Sisitiza pia kwamba seli tupu haihesabiwi, hivyo siku ambayo mwalimu hakuita majina humficha mtoro, jambo linalonisumbua zaidi.