Mita si mbovu, ni ayoni zinabanana

"Wadau, niko Mwanza. Nimechanganya KH2PO4 na Na2HPO4, 0.025 M kila moja. pKa ni 7.20 na uwiano wa HPO4 kwa H2PO4 ni 1, kwa hiyo pH ingekuwa 7.20, mbona mita ya pH inasoma 6.87? Mita mbovu?"

Mita yako iko sawa, mkuu. Mchanganyiko huohuo ndio bafa ya kusawazishia mita, na kwa 25 °C huandikwa 6.86.

Umehesabu kwa mkolezo, lakini elektrodi inafuata utendaji, yaani mkolezo ukizidishwa na kizidishi γ. Kila ayoni huzungukwa na ayoni za chaji kinyume, zinazoituliza na kupunguza utendaji wake. Athari hii hukua kwa mraba wa chaji, kwa hiyo HPO4 yenye chaji mbili huumia kuliko H2PO4 yenye moja.

Nguvu ya ayoni hapo, yaani kipimo cha wingi wa ayoni pamoja na chaji zake, ni 0.1 M. Mlinganyo wa Davies, unaokadiria γ kutokana na nguvu hiyo, unatoa γ ya takriban 0.78 kwa H2PO4 na 0.37 kwa HPO4. Kwa utendaji, basi, uwiano wako si 1 bali karibu 0.48. pH ni pKa jumlisha logi ya uwiano huo: logi yake ni −0.32, na 7.20 − 0.32 = 6.88.

Ukitaka kuhakikisha, zimua mara kumi kwa maji yaliyokenekwa: pH itapanda hadi karibu 7.07, ingawa uwiano haujabadilika. Ukiongeza chumvi ya mezani, itashuka.

Maji ya ziwa letu yana chumvi kidogo sana, kwa hiyo huko tofauti hii ni ndogo. Ila kwenye maji ya kuchovyea samaki wa chumvi, Davies usimwamini. Mwisho wake ni nguvu ya ayoni ya kama 0.5 M.