Kabla Hujalipia Chaja Kariakoo, Isome Mgongoni

Juzi usiku dada mmoja wa Morogoro, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia: "Dada, nimenunua chaja ya Samsung ya wati 25, lakini simu inakaa kwenye umeme usiku kucha na asubuhi haijajaa. Mbovu ni simu au chaja?" Nilishindwa kulala bila kumjibu. Swali hilo nilijiuliza mimi mwaka jana, na jibu lake nililipia kwa hela na kwa machozi.

Mimi nauza madera na mitandio kwa simu. Najua wengi mnaonisoma mko kwenye safari hiyohiyo: simu ndiyo duka, ndiyo daftari la madeni, ndiyo benki. Mwaka jana nilijinyima nikanunua Galaxy A34. Simu nyingi mpya za Samsung siku hizi haziji na kichwa cha chaja, kwenye boksi unakuta waya tu. Basi Jumamosi moja, Idi ikiwa imekaribia, nikashuka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Watu wamebanana, jua linachoma, spika zinaita wateja kila upande. Kijana mmoja mwenye meza akanipa chaja kwenye boksi jeupe, maandishi ya Samsung yamenyooka, akasema, "OG hiyo dada, elfu nane tu." Duka nililotoka kuulizia walitaja karibu mara sita ya bei hiyo. Nililipa mbiombio, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Usiku wa nne niliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Chaja ilikuwa imelainika upande mmoja, na simu haikupokea umeme tena. Fundi alibadilisha sistimu ya chaji na kipande kingine kwenye bodi, jumla 65,000, na ikabidi simu ilale kwake siku mbili. Siku mbili kabla ya Idi! Wateja waliokwishalipa walinipigia sikupatikana. Mmoja, ambaye nimemuuzia tangu naanza, aliniambia baadaye, "Nilijua umeshanidhulumu." Hela yake nilimrudishia na dera nikampa, lakini hajanunua kwangu tena. Hilo bado linaniuma kuliko ile 65,000.

Fundi yule ndiye aliyenifungua macho. Aliipasua ile chaja mezani, akaweka pembeni yake nyingine halali iliyokufa kwa uzee. Ile halali ilikuwa imejaa vifaa mpaka kwenye kona. Yangu ilikuwa na bodi nyembamba na transfoma ndogo, nafasi iliyobaki ni hewa. Akanionyesha upande unaopokea umeme wa ukutani, volti 230, na upande unaopeleka volti chache kwenye simu. Kwenye chaja iliyotengenezwa vizuri pande hizo mbili zimetenganishwa kwa milimita kadhaa na kwa kizuizi. Kwenye yangu njia za shaba zilipita karibukaribu kiasi kwamba unyevu kidogo au joto lingetosha kuuruhusu umeme wa ukutani kuvuka. Ukivuka unaingia kwenye simu, na simu iko mkononi mwako. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja feki 400 zilizoiga za Apple. Zaidi ya asilimia 99 zilishindwa jaribio la msingi la usalama, na 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kuua mtu kwa shoti.

Tatizo ni kwamba pale mezani huwezi kuipasua chaja ambayo hujanunua. Na chaja haina namba kama simu. Simu unabonyeza *#06# inakupa IMEI yake, na ndiyo maana Juni 2016 TCRA waliweza kuzima simu feki nchi nzima. Chaja haina IMEI. Kinachobaki ni macho yako, hesabu kidogo, na simu yako mwenyewe.

Wiki iliyopita nilirudi Aggrey kumnunulia mdogo wangu chaja. Nilikwenda na rula fupi ya shule, na waya wangu ule uliokuja na simu. Simu yangu niliiacha makusudi mpaka asilimia 40, na sababu nitawaambia. Nilikataa chaja tatu, nikanunua ya nne.

Ya kwanza niliikataa kwa hesabu. Mgongoni mwa chaja, kule kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, kuna mstari ulioandikwa Output. Hapo pameandikwa volti, zenye V, na ampea, zenye A. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Chaja halisi ya Samsung ya wati 25, yenye jina la modeli EP-TA800, imeandikwa 9.0V na 2.77A. Tisa mara 2.77 ni 24.93, yaani 25. Ina pia mstari wa PPS, yaani wa volti zinazopanda na kushuka kidogokidogo kadiri simu inavyoomba, unaofika 11.0V kwa 2.25A, ukizidisha unapata 24.75, na hiyo nayo ni 25. Hesabu inakubali. Ile niliyopewa ilikuwa na 25W kubwa kwenye boksi, lakini mgongoni imeandikwa 5V 2A peke yake. Tano mara mbili ni kumi. Aliyeiga alinakili boksi, akasahau mgongo. Nilimwambia muuzaji, "Kaka, hii inajisema yenyewe ni wati kumi." Akaipokea, akaiweka chini bila neno, akatoa nyingine. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Ya pili hesabu ilikuwa sahihi, kwa sababu anayeiga kwa makini ananakili na mgongo. Hapo ndipo rula ilipofanya kazi. Soketi zetu Tanzania ni za pini tatu za Kiingereza, na kiwango chake, BS 1363, kinataka kuwe na angalau milimita 9.5 kutoka ubavu wa pini mpaka ukingo wa plastiki. Ni karibu sentimita moja. Nafasi hiyo imewekwa ili kidole kisiguse pini wakati unachomeka au unachomoa gizani. Feki nyingi zimebanwa umbo ili kuokoa plastiki, hivyo pini zinakaa ukingoni. Ile ilikuwa milimita 6. Tazama pia vile vivazi vyeusi vya plastiki kwenye pini. Vinatakiwa viwepo kwenye pini mbili za chini, vikifunika sehemu ya karibu na mwili wa chaja. Pini ndefu ya juu, ile ya ardhi, ikiwa ya chuma haitakiwi kuwa na kivazi. Inaweza kuwa ya plastiki tupu, hiyo haina shida. Lakini ukikuta pini ya ardhi ya chuma nayo imevalishwa, aliyetengeneza hajui kazi yake au hajali.

Ya tatu ilipita hesabu na ikapita rula. Nikaomba umeme. Hapa dada zangu mnajionea haya, muuzaji akinuna mnaona mmemkosea. Hela ni yako. Muuzaji anayekataa chaja ijaribiwe kwenye soketi amekwisha kukujibu. Na asikuwekee kwenye pawabenki, wala asikupe waya wake: kichwa kiingie kwenye soketi au ekstensheni yenye umeme wa ukutani, na waya uwe wako unaoujua, ili ukiona tatizo usianze kubishana kama ni waya au ni kichwa.

Sasa sikilizeni kwa nini simu iwe asilimia 40. Chaja ya kisasa haitoi volti 9 tangu mwanzo. Inaanza na 5, kisha simu na chaja zinaongea kupitia waya: chaja inataja ilicho nacho, simu inachagua, chaja inakubali. Chaja feki nyingi hazijui mazungumzo hayo, kwa hiyo simu inabaki kwenye 5 na inachaji polepole. Kwenye A34 yangu skrini iliyofungwa inaandika Super fast charging ikipata wati 25, Fast charging ikipata za kati, na Charging tu ikipata kidogo. Lakini betri ikikaribia kujaa, au simu ikiwa ya moto, yenyewe inapunguza kasi hata kwa chaja halisi. Ukienda na simu ya asilimia 90 utaituhumu bure chaja nzuri, au muuzaji atakwambia "simu yako imejaa" na hutakuwa na la kumjibu.

Ile ya tatu iliandika Super fast charging. Kijana akatabasamu, akanyoosha mkono apokee hela. Nikamwomba dakika tano. Dakika ya tatu ikashuka, maandishi yakawa Charging peke yake, na kichwa kikawa cha moto kweli, si uvuguvugu. Tena nilipopitisha kidole kwenye skrini ikaruka, nagusa hapa inafunguka pale. Hiyo ni dalili kwamba umeme unaotoka hauchujwi vizuri na unavuruga mguso wa kioo. Umewahi kuona simu inajiandikia yenyewe ikiwa kwenye chaji? Chomeka chaja nyingine unayoiamini. Ikitulia, ile ya mwanzo itupe.

Boksi sikuliangalia hata mara moja. Stika inayong'aa, msimbo wa kuskani, nailoni iliyobana, vyote vinachapishwa mtaani. Uzito nao unasaidia kidogo tu: nyepesi kama boksi tupu ikatae, lakini nzito usiiamini kwa uzito wake. Fundi wangu amewahi kufungua moja akakuta kipande cha chuma kimegundishwa ndani, hakijaunganishwa na kitu.

Na msidhani kipimo hiki kinaona kila kitu. Chaja inaweza kupita hesabu, rula na dakika tano, na ule utengano wa ndani bado ukawa mbaya, kwa sababu hauonekani kwa nje. Ndiyo maana ya nne sikuinunua mezani. Niliinunua dukani, hatua chache tu kutoka pale, kwa bei iliyoniuma, na nikadai risiti ya EFD. Nilipima vilevile, mbele ya kaunta, dakika tano zikaisha na maandishi hayakubadilika. Yule dada wa dukani akaniandikia nyuma ya risiti siku saba za kurudisha, akagonga muhuri.

Nilipomaliza kumsimulia msomaji wangu wa Morogoro yote haya, nilimwomba anipigie picha ya mgongo wa chaja yake. Picha ilifika saa tano na nusu usiku. Juu ya kichwa pameandikwa 25W. Chini, kwa herufi ndogo za kijivu: 5V 2A. Nikamwandikia, "Chomoa sasa hivi, usilale nayo." Akajibu, "Nimeshachomoa dada. Mtoto analala karibu na soketi ile."