Kiwango cha punguzo kwenye hasara za tabianchi

"Nimetumia kiwango cha punguzo cha 5%, na kupunguza hewa ukaa mapema kunaonekana hakulipi. Tatizo liko wapi?"

Ndugu, tatizo ni hiyo 5%, yaani kiasi unachoshusha thamani ya hasara kwa kila mwaka inavyokuwa mbali. Chukua hasara ya dola 1,000,000 itakayotokea miaka 100 ijayo. Kwa 5%, thamani yake leo ni kama dola 7,600 tu. Kwa 1.4%, kiwango cha ripoti ya mwaka 2006 ya mwanauchumi Nicholas Stern kuhusu uchumi wa tabianchi, inafika kama 249,000. Hewa ukaa hukaa angani karne nyingi, hivyo sehemu kubwa ya faida ya kuzuia tani moja leo iko huko mbali, na 5% inaifuta karibu yote.

Mimi ningeanza na 2%, halafu nijaribu 1.5% na 2.5%. Hakikisha pia umeondoa mfumuko wa bei kwenye gharama zako, maana viwango hivi ni halisi, yaani havina mfumuko wa bei ndani yake.