Jibu: Hebiasi kopasi ni nini?

"Kaka amekamatwa Nairobi tangu Jumatatu, hajashtakiwa. Wakili anataja hebiasi kopasi. Ndiyo nini?"

Pole, ndugu. Ni amri ya Mahakama Kuu kwa anayemshikilia mtu: mlete mbele ya jaji, ueleze unamzuia kwa sheria gani. Mzigo wa kueleza ni wa polisi, si wenu. Wakikosa sababu, jaji anaamuru aachiliwe.

Kwanza ulizeni kituoni nambari ya OB, yaani daftari la matukio la polisi, maana inaonyesha saa aliyoingizwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila zikiishia wikendi ni siku ya korti inayofuata. Wakikana kwamba wanaye (hutokea sana), tafuteni aliyeona akikamatwa aape hati ya kiapo. Ila kama hakimu ameshaamuru azuiliwe, ombeni dhamana.