Wanapokuuliza wewe ni nani na miaka mitano ijayo utakuwa wapi

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. "Habari. Tumepokea wasifu wako. Tafadhali tueleze kwa kifupi wewe ni mtu wa namna gani, na malengo yako ya miaka mitano ijayo." Basi. Hawasemi maneno mangapi, wala wanachotafuta ni nini, na wewe umeshika simu hujui uanzie wapi.

Mara ya kwanza kuupata nilijibu ndani ya dakika kumi. Niliandika kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma bila kusimamiwa, na kwamba baada ya miaka mitano nitakuwa meneja. Kimya. Nikajifariji kwamba nafasi ile ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo.

Miaka ikapita. Nikiwa kazini kwingine, idara ya ajira ilizidiwa na maombi, nikapelekwa huko miezi miwili kusaidia kuyachambua. Siku moja nilisoma majibu 64 ya swali hilihili. Nilipofika la ishirini sikukumbuka tena nani kasema nini, maana wote walikuwa wachapakazi na wote walikuwa wanakwenda kuwa mameneja. Nililiona jibu langu la zamani mle, limeandikwa na watu wengine.

Nilichojifunza pale ni kwamba anayekuandikia siye atakayefanya kazi na wewe. Afisa ajira leo anatafuta mtunza stoo, kesho fundi umeme, keshokutwa mhasibu. Undani wa kazi hizo haujui, na wala si lazima aujue. Anachotakiwa ni kupunguza wale 64 wabaki watano au sita, kisha awapeleke kwa mkuu wa idara, kila jina likiwa na sentensi moja au mbili za maelezo. Sentensi hizo mara nyingi hazitungi. Anazinakili kutoka kwenye jibu lako. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo siku nzima: nakili, bandika, jina linalofuata. Aliyeniandikia "mchapakazi" hakuwa amenipa cha kunakili.

Kwa hiyo unaandika sentensi itakayobebwa na mtu asiyeijua kazi yako hadi kwa mtu anayeijua, nayo ifike ikiwa nzima.

Mdogo wangu alikuwa mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kaomba kazi kama hiyo kwenye kampuni kubwa zaidi. Ujumbe ule ukamfikia, akanitumia rasimu yake niipitie. Ilikuwa ileile yangu, kasoro jina. Nikampigia.

"Ulipoingia stoo ilikuwaje?"

"Dada, ilikuwa balaa. Kadi inasema kuna 200, ukienda kwenye rafu unakuta 140."

"Ukafanyaje?"

"Nikawa nahesabu rafu moja kila asubuhi kabla hatujafungua. Nikingoja mwisho wa mwezi, siwezi kujua kosa limetokea siku gani."

"Sasa hivi hali ikoje?"

"Zamani kila mwezi nilikuta kama bidhaa 90 hazilingani na kadi. Mwezi uliopita zilikuwa 12."

"Mbona hukuliandika hilo?"

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Jambo ulilolizoea unaliona la kawaida, unaliacha, unakwenda kuazima sifa za mtu mwingine. Jiulize maswali hayo matatu niliyomuuliza: ulikuta nini, ulifanya nini, sasa kukoje. Huna namba? Eleza badiliko linaloonekana kwa macho: zamani mteja alisubiri upekue stoo, sasa unamjibu papo hapo. Ambaye hajawahi kuajiriwa achukue kazi ya mafunzo au ya kujitolea, aiulize vilevile.

Sehemu ya pili, ile ya miaka mitano, inatisha bure. Hakuna atakayekuja mwaka wa tano na karatasi yako mkononi. Wanataka kujua kama kazi hii iko kwenye njia unayoiendea, au unaipitia tu kama kibanda cha kujikinga na mvua. Kumfundisha mtu mpya kunagharimu, na akiondoka baada ya miezi sita wanaanza upya. Ndiyo maana "nataka nijiajiri" humtia afisa wasiwasi hata kama ni ndoto njema. "Nataka kuwa meneja" nayo ina shida yake: ni cheo tu, haisemi utakuwa unaweza kufanya nini. Isitoshe, huenda idara ina meneja mmoja, na ndiye atakayesoma jibu lako.

Taja uwezo badala ya cheo, na uigawe ile miaka. Miwili ya kwanza iseme jambo mahususi lililo jirani na kazi unayoomba. Mitatu inayobaki ioneshe mwelekeo tu. Ukiipangia mwezi kwa mwezi utaonekana unabuni. Na kama mpango wako halisi ni mwingine kabisa, usiseme uongo. Tafuta kipande cha mpango huo kinachopitia kwenye kazi hii, uandike hicho. Ukikosa hata kimoja, afadhali ujiulize kwa nini uliomba.

Baada ya kuhangaika jioni nzima, mdogo wangu alituma hivi:

"Habari za kazi. Nimekuwa mtunza stoo wa vifaa vya ujenzi kwa zaidi ya miaka mitatu. Nilikuta kila mwezi bidhaa kama 90 hazilingani na kadi. Nilianza kuhesabu rafu moja kila asubuhi, na mwezi uliopita zilibaki 12. Napenda kazi ya kutafuta kosa lilipoanzia. Katika miaka miwili ijayo nataka kujifunza upande wa ununuzi, hasa kukadiria oda ili mzigo usiishe wala usirundikane. Ifikapo mwaka wa tano nataka niweze kukabidhiwa mzigo wa tawi zima, kuanzia oda hadi unapomfikia mteja. Nimeomba nafasi hii kwa sababu tangazo lenu linasema stoo na ununuzi hufanya kazi pamoja."

Hayafiki maneno 100. Umri, ndoa na idadi ya watoto havimo, maana havikuulizwa. Ile sentensi ya mwisho alitaka kuifuta, nikamzuia: ndiyo inayoonesha kwamba jibu halikutumwa kwa kampuni kumi.

Yapo mambo madogo yanayoharibu jibu zuri. Kwenye rasimu mdogo wangu aliandika "miaka minne" wakati wasifu wake ulionesha mitatu na miezi miwili. Tukarekebisha ikawa "zaidi ya miaka mitatu" kabla hajatuma. Afisa huweka viwili hivyo kando kwa kando, na tofauti ya namna hiyo ataiona upesi kuliko sifa zako zote. Jibu palepale ulipoandikiwa, maneno yawe ndani ya ujumbe wenyewe na si kwenye faili la kufungua. Lugha waliyokuulizia ndiyo ujibie. Kisha soma kwa sauti mara moja. Ukikwama katikati ya sentensi, ikate.

Aliitwa kwenye usaili wiki iliyofuata. Mkuu wa idara ya ugavi alikuwa na karatasi yenye majina sita, na kabla hata hajamwambia akae vizuri akamuuliza: "Hiyo rafu ya kwanza, ulianza na ipi?"

"Ya skrubu," akajibu. "Ndiyo iliyokuwa inadanganya kuliko zote."