Usiniulize kidonge cha roze kina nguvu gani

Mama yangu ana vali ya chuma kwenye moyo, upande wa mitrali. Usiku, umeme ukikatika hapa Katuba na jenereta za majirani zikinyamaza, ukikaa karibu naye unaisikia ikigonga tik, tik, kama saa ndogo ndani ya nguo. Ili damu isigande juu ya chuma hicho anakunywa warfarini kila jioni, na atainywa maisha yake yote. Kipimo chake cha damu, kile cha INR kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, daktari anataka kikae kati ya 2.5 na 3.5. Kwa miaka kadhaa miligramu 5 kwa siku zilimtosha, na kidonge cha miligramu 5 alichozoea, kilichokuwa kikitufikia kutoka upande wa Zambia, kilikuwa cha pinki. Sisi hapa Lubumbashi tunasema roze. Nyumbani hakuna aliyesema "miligramu tano". Tulisema "ile ya roze", na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Siku moja vidonge vilibaki vitatu, na aliyekuwa akituletea alikwama mpakani Kasumbalesa. Nikaweka kimoja kiganjani, nikakipiga picha chini ya balbu ya sebuleni, nikamtumia mdogo wangu anayeishi Marekani. Nikaandika: "Hizi za roze, za damu, haraka." Yeye akapata chupa kwa mama mmoja wa kanisani kwao ambaye daktari alikuwa amembadilishia dawa. Akaviona ni vya pinki, jina ni warfarini, akaridhika. Aliyesafiri navyo akavimimina kwenye kifuko cha nailoni ili chupa isimjazie begi. Kwa hiyo vilipofika havikuwa na karatasi wala maandishi yoyote.

Mama alikiangalia cha kwanza kwa muda. "Mwanangu, hiki rangi yake kama imefuliwa."

"Ni cha Marekani, mama. Huko wanavitengeneza tofauti."

Nilisema kweli bila kujua ninasema nini.

Rangi za warfarini zipo kweli, na ziliwekwa kwa nia njema ili mgonjwa asichanganye nguvu moja na nyingine. Ila kila nchi ina desturi yake. Uingereza, nyeupe ni nusu miligramu, kahawia ni 1, bluu ni 3 na pinki ni 5. Marekani, pinki ni 1. Ile ya 5 kwao ni ya rangi ya pichi, kama nyama ya papai lisiloiva vizuri. Bluu ni 4, na nyeupe ni 10. Mama yangu alikuwa anakunywa kidonge kimoja cha pinki kila jioni kama kawaida, na ndani yake mlikuwa na dawa moja ya tano ya kiasi chake.

Ukiangalia orodha hiyo, nyeupe ndiyo inayonitisha zaidi. Mtu aliyezoea nyeupe ya Kiingereza akipewa nyeupe ya Kimarekani amekunywa mara ishirini. Na upande wetu wa Kifaransa kuna asenokumaroli ya miligramu 4, nyeupe pia, ambayo wengi huikata robo. Hiyo hata si warfarini, ni ndugu yake, na miligramu zake hazilingani na za warfarini hata ukizihesabu vizuri namna gani.

Kilichotudanganya zaidi ni kwamba hakuna kilichotokea siku ile. Warfarini haiigusi damu moja kwa moja. Inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza zile protini zinazogandisha damu. Ukipunguza dozi leo, ini linaanza kuzitengeneza upya taratibu, na ukizidisha, zile za zamani bado zinazunguka mpaka ziishe. Kosa la Jumatatu linaonekana Alhamisi au Ijumaa. Mama alikula, alilala, alienda sokoni, nasi tukasema dawa ni ileile.

Siku ya nane ilikuwa zamu yake ya kupima. Karatasi ya labo ikaandika 1.2. Mara iliyotangulia ilikuwa 2.9. Daktari hakuuliza kwanza kuhusu sombe, majani ya muhogo yenye vitamini K inayopingana na dawa hiyo, kama tulivyozoea. Alisema, "Nionyeshe dawa." Nikatoa kifuko. Akageuza kidonge kimoja kwa ukucha karibu na dirisha, akaninyooshea. Namba ilikuwa imechorwa juu yake: 1. Nilikuwa nimeishi na namba hiyo wiki nzima bila kugeuza kidonge.

Akaweka kwanza sikio na kifaa chake kifuani, akisikiliza kama tik bado ni safi, maana sauti ya vali ikianza kuwa nzito au kupotea, damu inaweza kuwa imeshaganda hapo. Ilikuwa safi. Mama alirudishwa kwenye miligramu 5, na kwa kuwa warfarini inachukua siku kadhaa kushika, akadungwa enoksaparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, chini ya ngozi ya tumbo asubuhi na jioni mpaka INR ilipopanda tena. Nilipouliza kama anywe vitano vya pinki kwa mpigo ili tusivitupe, daktari alikataa. Vidonge vilivyotoka kwenye kifuko kisicho na jina, alisema, hajui kama vyote ni vya chupa moja.

Nikairudia ile picha niliyotuma. Kwenye simu kidonge kilikuwa cha rangi ya chungwa hafifu, kwa sababu ya balbu ya njano. Nikakipiga kingine mlangoni mchana, kikatoka karibu na zambarau, na Marekani zambarau ya kufifia ni miligramu 2. Simu hujirekebishia rangi yenyewe, halafu watsapu hubana picha na namba ndogo iliyochorwa inageuka doa. Katika picha moja ya kidonge kimoja ningeweza kukuapia kwamba ni 1, 2 au 5.

Watu bado wananitumia picha, kwa kuwa wanajua yaliyotupata. Juzi jirani kanitumia cha bluu, anataka kujua kama baba yake anywe kimoja au nusu. Kama ni 3, wiki moja ni miligramu 21. Kama ni 4, ni 28. Tofauti hiyo ya theluthi ni mtu kuamka na damu kwenye fizi, au mkojo wa rangi ya chai nzito, au kinyesi cheusi kama lami, na hapo si kungoja, ni kwenda hospitali. Sikumjibu namba. Nilimwambia anitumie picha ya boksi, jina la dawa na "mg" vionekane, na karatasi ya daktari pembeni. Boksi hana. Basi nikamwambia asimpe, aende akamwone aliyemwandikia.

Na dawa ikibadilika chanzo, hata kama boksi linasema 5 na ni 5 kweli, sisi sasa tunapima INR ndani ya wiki.

Mdogo wangu naye kajifunza. Vidonge havitoki tena kwenye chupa yake, hata kama begi limejaa. Na mama, wiki iliyopita kule labo, nesi alimuuliza, "Mama, unakunywa ile ya roze, si ndiyo?"

"Ninakunywa miligramu tano," akasema mama. "Rangi sijakwambia."